Mfundishe Mtoto Jina Halisi la Kila Kiungo

Mtoto akisema "amenishika kidude", msikilizaji aweza kudhani analalamikia mwanasesere. Akisema "amenishika uke", mzazi wa Nanganga, mwalimu na askari wataelewa jambo moja. Wakati wa kumwogesha, mzazi ataje uume, uke na matako kama anavyotaja goti, kisha aeleze kuwa viungo hivyo ni vya faragha: mlezi huvigusa anapomsafisha, na daktari anapomtibu mzazi akiwapo. Anayevigusa na kusema "usimwambie mama" ametenda kosa, hata akiwa ndugu. Mtoto akisimulia, asikilizwe bila kukaripiwa, na taarifa itolewe kwa Afisa Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au simu 116 bila malipo.