Kuharakisha na kunukuu ujumbe wa sauti

Kuharakisha ujumbe wa sauti ni kuucheza kwa kasi kuliko ulivyorekodiwa. Kuunukuu ni kuugeuza kuwa maandishi, ili usomwe pale ambapo haiwezekani kusikiliza, kwa mfano darasani au mkutanoni.

Katika WhatsApp, uwezo wa kuharakisha uliletwa mwaka 2021. Ujumbe unapochezwa, alama ya 1× huonekana kando yake. Ikiguswa huwa 1.5×, kisha 2×. Hivyo ujumbe wa dakika 6 huisha kwa dakika 4 au 3. Sauti haiwi nyembamba kama ya kanda iliyokimbizwa, kwa sababu programu huikata vipande vifupi sana na kuvisogeza karibu bila kubadilisha kimo chake.

Unukuzi ulitangazwa Novemba 2024. Huwashwa kupitia Settings > Chats > Voice message transcripts, ambako lugha huchaguliwa. Kazi hufanyika ndani ya simu ya mpokeaji, na mtumaji haoni maandishi hayo. Kiswahili hakikuwa miongoni mwa lugha za mwanzo. Lugha iliyochaguliwa isipolingana na ya msemaji, maandishi hukosekana au huwa hayana maana.

Hata programu inayoijua lugha husika hukosea penye kelele. Kosa gumu kutambua ni la hesabu: "elfu sita" ikiandikwa "elfu sitini", sentensi bado inasomeka vizuri. Kwa hiyo kiasi cha fedha, saa na namba ya simu husikilizwa tena kwa 1× kabla ya kutumika.