Swali Lililokatwa Majibu Halina Herufi

Mtihani wa Serikali ukikaribia, fotokopi za maswali ya zamani huzunguka Kamina nzima, na wanafunzi hunijia na ombi lile lile: "Mwalimu, hapa ni herufi gani?" Ukitazama karatasi, swali lipo, lakini majibu ya kuchagua yamekatwa na mashine. Sasa herufi nitaitoa wapi?

Chukua hili: treni imetoka Kamina na kwenda kilomita 90 kwa saa 2 na dakika 30, mwendo wake wa wastani ni upi? Gawa 90 kwa 2,5 upate kilomita 36 kwa saa. Hilo ndilo jibu. Kama lilichapwa kwenye A au D, hesabu haiwezi kukuambia, kwa kuwa herufi ni nafasi tu aliyoichagua mtunga mtihani, na kesho akipanga upya itahama. Anayekariri "swali la 14 ni C" hajajifunza lolote kuhusu treni.

Kisha kuna ile dawa inayouzwa kila mtaa: ukikwama, weka C. Inatokana na jambo la kweli. Mwalimu anayetunga haraka huelekea kuficha jibu sahihi katikati. Lakini mtunga mtihani makini husawazisha herufi kwa makusudi, na hapo, penye majibu matano, C hupatia mara moja kati ya tano, sawa kabisa na A au E. Baya zaidi, majibu yenyewe yana kazi. Aliyeandika dakika 30 kama 0,3 atapata 39,1. Aliyezisahau atapata 45. Aliyezidisha badala ya kugawa atapata 225. Mtungaji huyaweka makosa hayo kama mitego. Ukiyaona, unaweza kugundua ulipoteleza. Yakikatwa, C haina hata kosa la kukuonyesha.

Yapo pia maswali yasiyojibika kabisa: "Mto upi kati ya hii haumwagi maji yake kwenye Lualaba?" Bila orodha, karibu mito yote ya dunia ni jibu sahihi. Tafadhali msiniletee hilo tena.

Fanya hivi. Funika majibu hata kama yapo. Swali likieleweka peke yake, lifanye, andika jibu kamili pamoja na kipimo chake, na herufi iache wazi. Likitegemea orodha, tafuta nakala nzima. Usitunge majibu yako ukadhani ndiyo ya mtihani. Ndani ya chumba cha mtihani, kagua kurasa zote kabla ya kuanza, inua mkono, msimamizi abadilishe karatasi. Ikishindikana, na kosa halikatwi alama, weka herufi yoyote mwishoni, muda ukiwa umebaki kidogo, na usipoteze hata dakika moja kuichagua.