Jani la Muhogo na Namba Mbili za Usafi

Pingili za muhogo zinazotarajiwa kugawiwa wakulima zikipelekwa maabara kupimwa batobato, kazi huanzia kwenye jani. Linasagwa, DNA yake inatolewa, kisha kipimo cha PCR kinatumika kutafuta DNA ya virusi ndani ya ile ya mmea. Kati ya kutoa na kutafuta kuna hatua fupi isiyozidi dakika moja. Fundi anadondosha mikrolita 2 za sampuli kwenye kijukwaa kidogo cha chuma, anashusha mkono wa mashine, na skrini inamrudishia kiasi cha DNA pamoja na namba mbili: 260/280 na 260/230. Namba hizo ndizo zinazoitwa vipimo vya usafi. Wengi hutupa jicho kuona kama ya kwanza imefika 1.8, wakiiona imefika wanaendelea na kazi. Hapo ndipo makosa mengi yanapopenya.

Mashine yenyewe haijui DNA ni nini. Inachofanya ni kupitisha mwanga wa urujuanimno, ambao macho yetu hayauoni, na kupima umefyonzwa kiasi gani katika kila urefu wa wimbi. Besi za DNA na RNA hufyonza zaidi kwenye nanomita 260. Protini zina kilele chao karibu na 280, hasa kwa sababu ya asidi amino mbili, triptofani na tairosini. Kwenye 230 hujikusanya mchanganyiko wa vitu: viungo vya protini, fenoli, chumvi za guanidini zilizomo katika dawa za kutolea DNA, hata EDTA iliyo ndani ya bafa ya kuhifadhia. Gawanya ufyonzaji wa 260 kwa ule wa 280, utapata uwiano wa kwanza. Gawanya kwa ule wa 230, utapata wa pili. DNA safi huwa karibu na 1.8 katika uwiano wa kwanza, na RNA karibu na 2.0. Katika uwiano wa pili, sampuli safi hukaa kati ya 2.0 na 2.2, pengine juu kidogo.

Asili ya uwiano wa 260/280 inaeleza udhaifu wake. Mwaka 1942 Otto Warburg na Walter Christian walikuwa Ujerumani wakisafisha enolasi, protini ya hamira, na shida yao ilikuwa mabaki ya asidi nukleiki yaliyogoma kutoka. Walipima ufyonzaji wa 280 na 260 ili kujua protini yao imechafuliwa kiasi gani na asidi nukleiki. Maabara za leo zimekigeuza kipimo hicho na kukitumia kutafuta protini ndani ya DNA. (Katika habari za muhogo kuna Otto Warburg mwingine, mtaalamu wa mimea. Huyo ndiye aliyeandika kuhusu ugonjwa wa batobato wa Usambara mwaka 1894. Wasichanganywe.)

Kwa kazi ya Warburg na Christian kipimo kilikuwa kikali sana, kwa kuwa DNA hufyonza mwanga mara nyingi kuliko protini, na chembe kidogo tu ya asidi nukleiki ndani ya protini inaonekana mara moja. Ukikigeuza, ukali wote unapotea. Tuchukue myeyuko wa DNA wenye mikrogramu 50 kwa kila mililita. Ufyonzaji wake kwenye 260 ni 1.0, na kwenye 280 ni kama 0.55, kwa hiyo uwiano ni 1.82. Sasa tuongeze protini ya damu ya ng'ombe, ile albumini inayotumika sana maabara, kwa uzito uleule wa mikrogramu 50. Albumini hiyo itaongeza takriban 0.033 tu kwenye 280, na chini ya hapo kwenye 260. Tukijumlisha tunapata kama 1.02 juu na 0.58 chini, yaani 1.75. Nusu nzima ya uzito uliomo kwenye kichupa sasa ni protini, na namba imeshuka kutoka 1.82 hadi 1.75! Fundi yeyote mwenye haraka ataipitisha. Mwaka 1995 J. A. Glasel alichapisha uchambuzi uliotilia shaka jambo hilihili, lakini mazoea ya kuiamini 1.8 bado yapo.

Kwa hiyo 260/280 ikiwa nzuri, haikuhakikishii kwamba protini haimo. Ikiwa mbaya, tuseme 1.5, basi kuna jambo kubwa limetokea. Huenda protini ni nyingi kupita kiasi. Huenda fenoli iliyotumika kutenganisha imevuka pamoja na DNA. Hiyo hufyonza zaidi kwenye 270, ikavuta kilele cha mchoro upande wa kulia na wakati huohuo ikakuonyesha DNA nyingi kuliko iliyopo. Au huenda hakuna uchafu wowote na tatizo ni maji. Maji yaliyosafishwa yakikaa wazi hunyonya hewa ya kaboni na kuwa na tindikali kidogo, na RNA au DNA iliyoyeyushwa humo husomeka chini ya uwiano wake wa kweli, pengine kwa 0.2 au 0.3. Kabla ya kuitupa sampuli, chukua kiasi kidogo chake, ukizimue kwa bafa ya Trisi yenye pH 8, upime tena ukitumia bafa hiyohiyo kama sifuri ya mashine. Namba ikipanda, sampuli haikuwa na kosa.

Kwa muhogo, ingawa hivyo, namba inayostahili kuangaliwa kwa makini ni ile ya pili. Majani husagwa ndani ya bafa ya CTAB, yakapashwa moto wa nyuzi 65 kwa nusu saa hivi, yakachanganywa na klorofomu, kisha mashine ya kuzungusha ikatenga matabaka. Tabaka la juu lenye maji huchukuliwa na DNA yake ikagandishwa kwa isopropanoli. Ugumu ni kwamba sukari nzito za mmea hupenda kuganda pamoja na DNA, na polifenoli za jani nazo hushikamana nayo. Dalili yake huonekana kabla ya mashine: punje inayobaki chini ya kichupa ina rangi ya kahawia, haiyeyuki upesi, na ukiivuta kwa pipeti inakuja kama mlenda.

Tuseme sampuli mbili zimetoka siku moja, kwa dawa zilezile. Ya kwanza ilikuwa jani changa lililosagika vizuri; ufyonzaji wake wa 260 ni 6.0, sawa na nanogramu 300 za DNA kwa kila mikrolita, kwa kuwa ufyonzaji wa 1.0 huhesabiwa kuwa nanogramu 50. Ya pili ilikuwa jani lililokomaa na kukauka njiani. Ufyonzaji wake ni 0.6, nanogramu 30. Zote mbili zimebeba uchafu sawasawa, unaoongeza 0.6 kwenye 230. DNA ya sampuli ya kwanza yenyewe ingefyonza kama 2.73 hapo; ukiongeza uchafu ni 3.33, na uwiano unatoka 1.80. DNA ya sampuli ya pili ingefyonza 0.27, ukiongeza uchafu uleule ni 0.87, na uwiano ni 0.69. Skrini inaonyesha sampuli nzuri kiasi na sampuli ya kutisha, ilhali uchafu ndani ya kila mikrolita ni uleule.

Mtu asikimbilie kusema basi namba hiyo haina maana. Ukitaka nanogramu 30 za DNA kwa ajili ya PCR, sampuli ya kwanza utaizimua mara kumi na uchafu wake utazimuka nao, wakati ya pili utaiweka ilivyo. Uwiano unapima uchafu kwa kulinganisha na DNA, na kwa hilo unasema kweli. Usichosema ni uchafu wa aina gani, wala kama utaizuia PCR.

Aina ya uchafu inabidi kuitafuta kwenye mchoro mzima, ambao mashine huuchora na watu wengi huufunga bila kuutazama. Mchoro wa DNA safi una bonde karibu na 230, kilima kwenye 260, kisha unateremka hadi kugusa sifuri kwenye 320. Guanidini iliyobaki kutoka kwenye vifaa vya kununua tayari hulifuta bonde na kuinua ukuta upande wa kushoto, huku kilima cha 260 kikibaki kama kilivyo. Kwa kiasi kidogo mabaki hayo mara nyingi hayaisumbui PCR, hata uwiano ukishuka chini ya 1. Uchafu wa jani la muhogo ni tofauti. Mara nyingi huuinua mchoro mzima, mpaka kwenye 320 ambako DNA haifyonzi chochote. Ukiona namba kubwa kwenye 320, ujue kuna kitu kinachotawanya mwanga au chenye rangi ndani ya kichupa, na hata kile kiasi cha DNA ulichosomewa si cha kuaminika.

Polifenoli na sukari hizo zinaweza kukizuia kimeng'enya cha PCR kisifanye kazi, na hilo ni hatari kuliko namba mbaya kwenye skrini. PCR iliyozuiwa hutoa jibu lilelile la mmea usio na virusi: hakuna mstari kwenye jeli. Pingili zenye batobato zikipewa cheti kwa njia hiyo, zitapandwa. Kinga yake ni kutafuta, pamoja na DNA ya virusi, jeni moja la muhogo wenyewe ambalo lazima liwepo, na kuiendesha kila sampuli mara mbili, ilivyo na ikiwa imezimuliwa mara kumi. Jeni la muhogo likikosekana kwenye sampuli nzima na kujitokeza kwenye iliyozimuliwa, kizuizi kimejulikana. Hapo kuna kichekesho kidogo: ukiizimua sampuli, uwiano wake wa 260/230 haubadiliki hata kidogo, kwa kuwa juu na chini vimepungua kwa kipimo kimoja. Namba inabaki 0.69 na PCR inafanya kazi.

Sampuli ya pili ningeanza nayo hivyo, kabla ya kufikiria kuisafisha upya. Kuigandisha tena kwa alkoholi kukiwa na chumvi nyingi huacha sehemu kubwa ya sukari nyuma, lakini kila mgandisho hupoteza DNA, na yenye nanogramu 30 haina ya kupoteza. Hata ikisafishika mpaka ikasoma 1.8 na 2.1, mashine haitakuwa imeona kama DNA hiyo ni nyuzi ndefu au vipande vilivyokatikakatika jani lilipokauka njiani, maana besi hufyonza mwanga zikiwa ndani ya uzi mrefu na zikiwa ndani ya kipande kifupi. Wala haitambui RNA iliyochanganyika nayo, ambayo huongeza hesabu ya DNA na kuusogeza uwiano wa kwanza kuelekea 2.0. Yote mawili huonekana kwenye jeli: DNA nzima ni mstari mmoja mzito karibu na kisima, iliyokatika ni moshi unaoshuka, na RNA ni wingu jepesi chini kabisa.