Milisekunde Kumi Zinazomaanisha Mbili

Kwenye vibanda vya gemu, iwe Manzese au Kayole, kuna lawama moja isiyokauka midomoni mwa wachezaji: "Kaka, hii pedi inachelewa." Amebonyeza pasi, lakini mpira unatoka akiwa keshanyang'anywa. Pedi inabadilishwa, tatizo linabaki palepale. Mara nyingi mkosaji ni runinga. Imepokea picha kutoka kwenye PlayStation, ikaishikilia kwanza ili kupamba rangi na kulainisha mwendo, ndipo ikaionyesha. Muda huo wa kushikilia picha, ambao wachezaji wanauita lagi, ndio wakaguzi wa runinga na monita wanaupima na kuuandika kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde.

Leo hakuna mapitio ya runinga yasiyo na namba hiyo, na wanunuzi huichukua ilivyo: 10 imeshindwa na 6, nayo 6 imeshindwa na 3. Ukiisoma hivyo utapotea, kwa sababu namba hizo tatu zinaweza kuwa zinaeleza vioo vyenye kasi moja.

Tuanze na namna inavyopimwa. Kifaa kilichozoeleka sana ni kile cha Leo Bodnar, kiboksi kidogo kinachoshikika kwa mkono mmoja. Kinachomekwa kwenye tundu la HDMI, kinatuma picha yenye vipande vyeupe vinavyowaka na kuzima, kimoja juu ya kioo, kimoja katikati, kingine chini. Mpimaji anakibandika kifaa kwenye kipande kimojawapo, sensa ya mwanga ikielekea kioo, nacho kinahesabu muda tangu kilipotuma picha hadi kilipouona mwanga. Runinga nzuri ikiwa kwenye mpangilio wa gemu inaweza kusoma 2 juu, 10 katikati na 18 chini. Runinga ni ileile, na sekunde ni zilezile.

Tofauti hiyo si hitilafu. Kioo hakichori picha nzima kwa mpigo mmoja. Kinaichora mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Kioo cha 60 Hz huonyesha picha 60 kwa sekunde, na kila picha inachukua milisekunde 16.7 kufika mstari wa mwisho. Kwa hiyo sehemu ya katikati lazima isubiri nusu ya muda huo, milisekunde 8.3, hata kama runinga haikushikilia picha kabisa. Wakaguzi wa RTINGS, ambao majedwali yao yanasomwa sana duniani, hupima katikati. Kwao hakuna kioo cha 60 Hz kitakachoshuka chini ya 8.3, na kwa 120 Hz kikomo ni 4.2. Wapo wakaguzi wengine wanaoondoa kwanza muda huo wa kuchora, wakaandika kile tu kilichocheleweshwa na mitambo ya kioo. Ukiweka namba za kundi moja mbele ya namba za kundi la pili, unalinganisha vitu viwili tofauti.

Chukua mfano. Umesoma kwamba runinga fulani ina 10.3 kwa 60 Hz na 5.8 kwa 120 Hz, na kwamba monita fulani ina 3.5 kwa 240 Hz. Zote zimepimwa katikati. Toa nusu ya muda wa picha kwa kila moja. Runinga kwa 60 Hz: 10.3 toa 8.3, inabaki 2. Kwa 120 Hz: 5.8 toa 4.2, inabaki 1.6. Monita: 3.5 toa 2.1, inabaki 1.4. Mitambo ya vioo hivyo viwili inakaribia kuwa sawa kabisa. Kinachoipa monita ushindi ni kwamba inachora picha upesi zaidi, na faida hiyo unaipata tu ikiwa mashine yako inatuma picha 240 kwa sekunde. PlayStation haifiki huko. Anayenunua monita hiyo achezee mpira kwenye konsoli inayotuma picha 60 analipia kasi ambayo hataiona.

Hapo bado hatujagusa maandishi makubwa ya "1 ms" yaliyobandikwa kwenye maboksi dukani. Hiyo si lagi. Ni muda ambao nukta moja ya kioo inachukua kubadilika kutoka kijivu cha aina moja hadi kijivu kingine, picha ikiwa imeshafika. Nukta zikiwa nzito utaona kivuli kikiburuta nyuma ya mpira. Monita inaweza kuwa na "1 ms" hiyo na bado ikashikilia picha kwa milisekunde 20. Muuzaji asiyejua tofauti hii atakujibu kwa moyo mweupe kabisa na bado akakupoteza.

Na kuna sharti ambalo mapitio hulitaja kwa herufi ndogo: namba nzuri imepimwa Game Mode ikiwa imewashwa. Ikizimwa, runinga ileile inaweza kupanda hadi 50, na nyingine hupita 100. Kwenye runinga nyingi mpangilio huu unawekwa kwa kila tundu la HDMI peke yake. Ukiuwasha kwenye HDMI 1, kisha mtu akahamishia waya HDMI 2, umerudi kwenye lagi ya kutazama filamu bila kujua.

Sasa, ishuke mpaka wapi ndipo itoshe? Jibu linatoka kwenye gemu lenyewe, na magemu ya ngumi ndiyo yanayolionyesha waziwazi, maana wachezaji wake huhesabu kila kitu kwa fremu. Tekken huenda kwa fremu 60 kwa sekunde. Ngumi ya haraka kabisa hufika baada ya fremu 10, yaani milisekunde 167. Macho na vidole vya binadamu haviwezi kuijibu, hata kwenye kioo kisicho na lagi yoyote. Hiyo unaikisia, huiangalii.

Mahali lagi inapoamua mechi ni kwenye mashambulizi ya polepole. Tuseme mpinzani anarusha teke la chini la fremu 24, sawa na milisekunde 400. Mchezaji mzuri anahitaji kama 300 kuliona, kulitambua na kuinama. Pedi, konsoli na gemu vichukue 60. Zinabaki 40. Runinga yenye lagi ya 10 inakuachia 30 za akiba, kwa hiyo utakinga. Runinga iliyo kwenye mpangilio wa filamu, yenye 100, imekunyima teke hilo kabla halijarushwa. Ufanye mazoezi mwaka mzima, hutalikinga kwa kuliona.

Vipi kati ya runinga ya 10 na ya 6? Hapa wanunuzi wengi hubabaika bure. Gemu la fremu 60 husoma pedi yako mara moja tu kwa kila fremu, yaani kila milisekunde 16.7. Ukichelewa milisekunde 4, mara nyingi bado unaingia kwenye fremu ileile ambayo ungeingia, na matokeo hayabadiliki hata chembe. Ni takriban mara moja kati ya nne tu ambapo 4 hizo zinakusukuma hadi fremu inayofuata, na hata hapo utaumia endapo ulikuwa ukingoni kabisa mwa muda wako. Mkono wako mwenyewe hutofautiana kwa milisekunde nyingi zaidi ya hizo kati ya jaribio moja na jingine. Kwa hiyo msimamo wangu kwa konsoli ya fremu 60 ni huu: kipimo cha katikati kikiwa chini ya 16 kwa 60 Hz, kioo hicho kinafaa mashindano. Kati ya 16 na 30 unaweza kukizoea, ila utakuwa unampa mwenzako nusu fremu hadi zaidi ya fremu nzima. Juu ya 30, kiachie taarifa ya habari.

Magemu ya bunduki kwenye kompyuta yana mizani yake, kwa kuwa huko mashine inaweza kutoa picha 240 au zaidi na adui anatokeza konani kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kutoka 60 Hz kwenda 144 Hz ni hatua inayohisiwa na karibu kila mchezaji. Kutoka 240 kwenda 360 unaokoa milisekunde 1.4 tu kwa kila picha. Na kama unacheza mtandaoni ukiwa Dar es Salaam na seva iko Ulaya, ping peke yake mara nyingi hupita 100. Hapo waya wa intaneti badala ya Wi-Fi unaweza kukusaidia zaidi ya monita mpya.

Usiyemudu kifaa cha kupimia unaweza kutumia simu inayorekodi video ya fremu 240 kwa sekunde. Rekodi kidole gumba na kioo kwa pamoja, bonyeza kitufe, kisha cheza video fremu moja moja ukihesabu tangu kitufe kilipozama hadi mchezaji alipoanza kusogea. Kila fremu ni milisekunde 4.2. Rudia mara kumi na utafute wastani, maana majibu yatapishana kwa fremu nne hivi kila mara kutokana na gemu kusoma pedi kwa zamu. Ukipata wastani wa fremu 45 Game Mode ikiwa imezimwa na 26 ikiwa imewashwa, tofauti ya fremu 19 ni karibu milisekunde 80 ambazo runinga ilikuwa inazila. Ile 26 iliyobaki, karibu milisekunde 108, usiipeleke yote kwa runinga. Ndani yake mna pedi, konsoli na gemu, na ndiyo sababu jibu la simu haliwezi kuwekwa kando ya namba ya RTINGS.

Kwa waandaaji wa mashindano ya mitaani nina ombi. Wachezaji wawili wakitazama kioo kimoja wanapata lagi moja, kwa hiyo wengi huona haki imetendeka. Lakini meza mbili zenye runinga tofauti zinapeleka fainali watu waliocheza magemu mawili tofauti. Ikiwezekana tafuteni vioo vya aina moja. Ikishindikana, vipimeni vyote kwa simu jioni ya kuamkia mashindano, washeni Game Mode kwenye tundu lilelile litakalotumika, na bandikeni karatasi yenye majibu ya kila meza mahali ambapo kila mchezaji ataisoma kabla hajashika pedi.