Bei iliyokatwa mstari: kuna mtu aliyeilipa?

Wakati wa siku kuu, maduka ya Goma na Bukavu hubandika karatasi zenye bei mbili: moja imekatwa mstari, ingine iko chini yake. Mnunuzi anaangalia tofauti, anaona amepata. Lakini ile bei ya juu, kuna mtu aliyewahi kuilipa?

Tuchukue mfano wa televizyo ya inchi 32. Karatasi inasema dola 200, sasa 140, punguzo 30%. Kama mwezi wa kumi duka lile lile lilikuwa linaiuzisha dola 130, hakuna punguzo hapo. Bei imepanda dola 10.

Kumuuliza muuzaji peke yake haitoshi. Statusi ya WhatsApp inapotea kisha masaa 24, lakini picha ya bei iliyotumwa ndani ya kikundi inabaki na tarehe yake. Jirani aliyenunua mbele anaweza kuonyesha fakitire. Angalia namba ya modeli nyuma ya televizyo, maana mbili za inchi 32 zinaweza kuachana bei sana. Kama bei ya zamani iliandikwa kwa franka, igeuze dola kwa bei ya dola ya siku ile, si ya leo.

Ukikosa alama ya zamani, uliza modeli ile ile katika maduka matatu ya karibu. Yote yakiuzisha karibu 140 bila kutangaza punguzo, 140 ndiyo bei ya kawaida, hata karatasi iseme nini.