Kualika jopo la kukagua tafsiri: kwa nini fomu zirudi kabla ya mkutano

Wanafunzi wengi wa kitivo chetu wanaochagua tafsiri kama mada ya kazi ya mwisho hufika mahali ambapo tafsiri yao inapaswa kukaguliwa na watu wengine. Wanaalika wataalamu, wanawatumia makaratasi, wanapanga siku ya mkutano. Mara nyingi siku hiyo nusu ya walioalikwa hufungua bahasha mezani kwa mara ya kwanza, profesa mwenye umri mkubwa anasema neno lake, na wengine wanakubali. Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa mwaliko, makaratasi na tarehe ya mwisho ili maoni ya kila mtu yapatikane kabla hajasikia ya mwenzake.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa Bukavu anatafsiri kwa Kiswahili PHQ-9, hojaji fupi ya maswali 9 inayotumiwa na waganga kupima dalili za sonona kwa mgonjwa. Inamwuliza mgonjwa mambo ya wiki mbili zilizopita: huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya chakula na mengine. Ni maandishi mafupi, lakini neno moja likieleweka vibaya, alama ya mgonjwa inabadilika.

Kwanza, nani aalikwe? Mwongozo wa Beaton na wenzake wa mwaka 2000, unaofuatwa sana katika kutafsiri hojaji za afya, unataka mezani wawepo mtaalamu wa mbinu za utafiti, watu wa afya, mtu wa lugha na watafsiri wenyewe. Kwa mwanafunzi wetu hao ni mhadhiri wa takwimu, daktari, wauguzi wawili wa kituo cha afya, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kifaransa. Watafsiri watakuja kueleza walichofanya, lakini hawatatoa alama, kwa kuwa hakuna anayejisahihishia mtihani. Wenye kutoa alama basi ni 6. Tutaona baadaye kwa nini ni afadhali kumwongeza wa saba, kwa mfano mhudumu wa afya kutoka Uvira.

Barua ya mwaliko iende peke yake, kabla ya makaratasi, kwa sababu inaomba jibu moja tu: ndiyo au hapana. Iseme kazi ni nini, itachukua muda gani, na tarehe zote mbili, ya kurudisha fomu na ya mkutano. Kwa mfano: «Mheshimiwa Profesa, kwa heshima nyingi ninakuomba uwe mmoja wa wakaguzi wa tafsiri ya hojaji ya maswali 9. Utasoma kurasa 8 nyumbani na kujaza fomu moja, kazi ya saa moja na nusu hivi. Fomu irudi Ijumaa tarehe 20 mwezi wa tatu. Mkutano ni Alhamisi tarehe 26. Tafadhali nijulishe kama unakubali kabla ya tarehe 23 mwezi wa pili, ili usipopata nafasi nimwombe mwingine.» Saa hiyo moja na nusu usiikisie. Mpe rafiki makaratasi yote, ajaze fomu, nawe uangalie saa.

Anayekubali anatumiwa bahasha wiki tatu na nusu kabla ya mkutano. Ndani mna hojaji ya asili, tafsiri mbili zilizofanywa na watu wawili mbalimbali, toleo lililounganishwa kutoka hizo mbili, tafsiri iliyorudishwa kwenye lugha ya asili na mtu ambaye hakuiona hojaji ya kwanza, na ukurasa mmoja unaoeleza maneno yaliyowapa watafsiri shida. Juu ya yote kuna fomu. Kila swali lina mstari wake, na mkaguzi anachagua alama: 1, halieleweki, 2, linahitaji kurekebishwa sana, 3, linahitaji kurekebishwa kidogo, 4, liko wazi. Anayetoa 1 au 2 anaandika sababu na neno analopendekeza. Kila mmoja atumiwe bahasha yake peke yake. Ukiwaweka wote katika kundi moja la WhatsApp, jibu la kwanza litakuwa jibu la wote. Na wa Uvira apelekewe karatasi zilizochapwa. Kusoma safu nne za tafsiri kwenye simu ni kumtesa.

Sasa tarehe ya mwisho. Siku sita kati ya fomu na mkutano ndizo za kufanya hesabu. Kwa kila swali hesabu wakaguzi waliotoa 3 au 4, kisha gawanya kwa idadi ya wakaguzi wote. Kanuni ya Lynn ya mwaka 1986, iliyotungwa kwa kupima kama maswali yanafaa na ambayo hutumiwa pia kupima uwazi wake, inasema hivi: wakiwa 6 au zaidi, swali linapita likifika 0,78, wakiwa 5 au chini, lazima wakubaliane wote.

Tuseme fomu 6 zimerudi. Maswali sita yamekubaliwa na wote. Swali la 8, juu ya kusema au kutembea polepole, limekubaliwa na 5: 5 kwa 6 ni 0,83, limepita. Swali la 2 limepata 4, yaani 0,67. Wauguzi wote wawili wameandika kwamba mgonjwa atauliza «sonona» ni nini. Swali la 6, juu ya kujiona umeshindwa, limepata 3, yaani 0,50. Basi ajenda imejiandika: mkutano utajadili maswali mawili, si tisa, na saa mbili zinatosha.

Je, kama mmoja wa waliolikubali swali la 8 hakurudisha fomu? Wamebaki 5, kanuni imebadilika, na swali hilo lenye 4 kwa 5, yaani 0,80, halipiti tena. Tafsiri ni ileile; kilichobadilika ni fomu moja iliyochelewa. Ndiyo sababu ya kualika 7: akikosekana mmoja, unabaki na 6. Wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, piga simu. Usiulize, «Umesoma?», kwani kila mtu atasema ndiyo. Uliza, «Nije kuichukua fomu siku gani?» Fomu inayojazwa mlangoni siku ya mkutano usiiingize katika hesabu, maana mwenye kuijaza ameshaongea na wenzake.

Hesabu hii ina mpaka wake. Inaonyesha kwamba wakaguzi wamekubaliana, haionyeshi kwamba wana haki. Walimu sita wa Kiswahili sanifu wanaweza wote kutoa 4 kwa neno ambalo mama wa Kadutu hajawahi kulisikia. Dalili yake ni fomu zilizojaa 4 bila maelezo yoyote. Ukiziona, rudi kwenye orodha yako ya walioalikwa uangalie kama wote wametoka katika jengo moja. Na baada ya mkutano, toleo jipya lipelekwe kwa wagonjwa wenyewe. Beaton na wenzake wanataka watu 30 hadi 40, kila mmoja aulizwe alivyoelewa kila swali. Hapo ndipo utajua kama neno lililochukua nafasi ya «sonona» linaeleweka kweli.