Kutoka namba za Kirumi hadi 1, 2, 3 katika tasnifu

Katika tasnifu nyingi, kurasa za mwanzo, yaani shukrani, ikisiri na yaliyomo, huhesabiwa i, ii, iii, na Sura ya Kwanza huanza na 1. Programu ya Microsoft Word hufanya hivyo ikiwa tu waraka umegawanywa katika sehemu mbili, kwa kuwa kila sehemu hubeba mtindo wake wa namba.

Kishale huwekwa kabla tu ya kichwa cha Sura ya Kwanza, kisha huchaguliwa Layout, Breaks, halafu Next Page. Kubonyeza Ctrl+Enter hakutoshi: huanzisha ukurasa mpya ndani ya sehemu ileile, na dalili yake ni kwamba mtindo ukibadilishwa, kurasa zote hubadilika pamoja.

Baada ya namba kuingizwa kwa Insert, Page Number, kishale huwekwa chini ya ukurasa wowote wa mwanzo na kufunguliwa Format Page Numbers, ambako huchaguliwa i, ii, iii. Hatua hiyo hurudiwa katika Sura ya Kwanza kwa kuchagua 1, 2, 3, na kujaza 1 penye Start at. Ikiachwa Continue from previous section, tasnifu yenye kurasa nane za mwanzo itaanza sura hiyo na 9.

Jalada hufichwa namba kwa Different First Page, ingawa bado huhesabiwa kuwa i. Mwisho, orodha ya yaliyomo iliyotengenezwa na programu huhuishwa kwa F9, la sivyo itabaki na namba za zamani.